Yai Hutangulia Damu

Kuna maneno huwezi kukaa kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto usiyasikie: "Mimi bado nanyonyesha, na tangu nijifungue sijaona siku zangu. Mimba itaingilia wapi?" Anayesema hivyo ana hoja. Kunyonyesha huzuia mimba kwelikweli, tena kwa nguvu ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya huidharau. Kasoro iko kwenye alama anayoisubiri. Amejiwekea kwamba siku atakayoona damu ndiyo siku ya kuanza kujihadhari, na damu hiyo huja nyuma. Yai hupevuka kwanza na kutoka, na lisipokutana na mbegu ya mwanamume, ndipo wiki kama mbili baadaye hedhi ikashuka. Likikutana na mbegu, hedhi haishuki kabisa, na mama anaendelea kusema hajaona siku zake. Anasema kweli, na ni mjamzito.

Kabla hatujafika huko, tuzitenganishe damu mbili ambazo watu huzichanganya. Damu inayotoka mara baada ya kujifungua, damu ya uzazi, au nifasi kama wengi wanavyoiita, haina uhusiano na yai. Inatoka pale kondo la nyuma lilipokuwa limejishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Siku za mwanzo ni nyekundu, kisha inakuwa ya waridi au kahawia, mwisho ni majimaji ya njano au meupe, na kwa wengi inakoma kati ya wiki ya nne na ya sita. Yaweza kukatika, ikarudi kidogo, ikakatika tena. Kwa mama anayenyonyesha mtoto maziwa yake tu, damu inayoonekana kabla ya siku ya 56, yaani wiki nane, haihesabiwi kuwa hedhi. Baada ya siku hiyo, damu ya siku mbili mfululizo ihesabiwe ni hedhi, hata kama ni kidogo na hata kama yeye mwenyewe anaona haifanani na ya zamani.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ya pituitari, na kati ya homoni zake imo prolaktini, inayoamrisha matiti yatengeneze maziwa. Wakati wa ujauzito prolaktini hupanda hadi mara kumi ya kawaida au zaidi, lakini maziwa hayamiminiki kwa sababu homoni za kondo zinayazuia. Kondo likitoka, kizuizi kimetoka, na siku ya pili hadi ya nne matiti yanajaa. Tangu hapo, prolaktini inategemea mtoto. Kwa mama asiyenyonyesha hushuka kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida ndani ya wiki chache tu. Kwa anayenyonyesha, kila mtoto anapovuta titi prolaktini inapanda, inafikia kilele baada ya nusu saa hivi au zaidi kidogo, halafu inaanza kushuka, mpaka mtoto avute tena.

Anayeituma prolaktini ipande ni mdomo wa mtoto. Chuchu ina neva nyingi. Mtoto anapovuta, habari inapanda kwa uti wa mgongo hadi sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Pale kwa kawaida kuna dopamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuizuia prolaktini isitoke. Habari ya kunyonywa ikifika, dopamini inapungua na prolaktini inaachiwa.

Lakini haipothalamasi hiyohiyo ina kazi nyingine. Ndiyo inayotuma amri ya kukuza na kutoa yai, na amri hiyo haitoki mfululizo kama maji ya bomba. Inatoka kwa mapigo, pigo moja kila saa moja hadi saa moja na nusu katika siku za kukuza yai. Mapigo yakiwa na mpangilio, pituitari inaitika, yai linakua, na siku yake ikifika homoni ya kulitoa inapanda ghafla na yai linatoka kwenye ovari. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, mapigo hayo yanavurugika: mengine yanachelewa, mengine hayaji. Yai linaweza kuanza kukua kidogo, kisha linaishia njiani, na hakuna hedhi kwa sababu hakuna lililotangulia kuileta.

Je, mwenye lawama ni prolaktini au ni kunyonya kwenyewe? Swali hili lina raha yake. Tunajua prolaktini peke yake inaweza kusimamisha hedhi, kwa sababu kuna wanawake wasio na mtoto wa kunyonyesha ambao pituitari yao ina uvimbe mdogo unaomwaga prolaktini. Hawaoni siku zao, wengine hutokwa na maziwa, na wakipewa dawa inayofanya kazi kama dopamini hedhi hurudi. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 watafiti wa Edinburgh, Scotland, akina Anna Glasier na Alan McNeilly, waliwachukua akina mama wanaonyonyesha ambao hawajaanza hedhi, wakawaingizia ile homoni ya amri kwa pampu ndogo, pigo kwa pigo, kama ubongo ungefanya. Ovari zao zikaamka na kuanza kazi, ilhali akina mama hao walikuwa bado wananyonyesha. Kwa hiyo ovari haikuwa imelala usingizi wa kufa. Ilikuwa inangoja amri. Na kinachoizuia amri ni kunyonywa mara kwa mara, prolaktini ikiwa ni sehemu ya kazi hiyo na pia kipimo cha kuonyesha mtoto ananyonya kiasi gani.

Hapo ndipo tunapopata jambo ambalo mama anaweza kulitumia nyumbani. Kinachozuia yai si wingi wa maziwa yaliyomo kwenye titi. Ni mara ngapi titi linavutwa, na muda unaopita katikati bila kuvutwa. Mwaka 1980 Melvin Konner na Carol Worthman walichapisha walichokiona kwa Wakung, wawindaji wa Kalahari. Watoto wao walikuwa wamebebwa mwilini mwa mama mchana kutwa na kunyonya mara kadhaa kwa saa, dakika chache kila mara, na usiku walilala ubavuni pa mama. Hawakutumia kidonge wala sindano, na bado kutoka mtoto hadi mtoto ilipita karibu miaka minne. Mtoto mwingine anaweza kunywa maziwa mengi vilevile kwa kunyonya mara tano kwa siku, akashiba vizuri, na mama yake akapata hedhi mapema sana.

Usiku nao una uzito wake. Prolaktini ya mama hupanda zaidi usiku, na usiku ndio wakati mtoto anapoweza kukaa saa nyingi bila titi. Bibi anayemhamishia mjukuu chumba kingine ili mzazi apumzike anafanya wema, lakini ajue saa nane za kimya zinaupa ubongo nafasi ya kuanza kupanga mapigo yake upya.

Agosti 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakusanya tafiti za nchi mbalimbali na kutoka na kanuni yenye masharti matatu. Mtoto hajafikisha miezi sita. Mama hajaona hedhi tangu ajifungue, tukiacha ile damu ya kabla ya siku ya 56. Na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, mchana na usiku; hushauriwa zisipite zaidi ya saa nne mchana wala saa sita usiku bila kunyonya. Masharti yote matatu yakisimama, uwezekano wa kushika mimba ni chini ya 2 kati ya akina mama 100. Baadaye Shirika la Afya Duniani likafuatilia zaidi ya akina mama 4,000 katika nchi saba, kuanzia China na India hadi Nigeria, Chile na Sweden, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yakaunga mkono kanuni hiyo: miezi sita ya mwanzo, mimba zilikuwa karibu 1 kati ya 100.

Kwa nini miezi sita? Kwa sababu ndipo uji unapoanza. Mtoto akila, anavuta titi kidogo, na mapigo yanarudi taratibu. Na kuna jambo jingine linalowaponza wengi. Kwa mama anayepata hedhi mapema, mara nyingi ile hedhi ya kwanza haikutanguliwa na yai kamili. Ni damu tu, au yai dhaifu lisiloweza kushikilia mimba. Kadiri miezi inavyopita bila hedhi ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba yai la kwanza litakuwa zima, na litatoka kabla ya damu yoyote. Kwa hiyo mama wa mwezi wa tisa ambaye hajaona siku zake ana haki ndogo zaidi ya kujiamini kuliko wa mwezi wa tatu, ingawa yeye mwenyewe anajiona ndiye aliyebarikiwa.

Sasa tumchukue mama mmoja wa kufikirika, tumwite Mama Zawadi, karani wa ofisi Dar es Salaam. Sheria ya Tanzania inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Alianza likizo Februari 24, akajifungua Machi 3, na kazini anarudi Mei 19. Siku hiyo Zawadi ana siku 77, wiki kumi na moja kamili. Mpaka hapo masharti yote matatu yamesimama: Zawadi ananyonya tu, mchana kila baada ya saa mbili tatu, usiku mara mbili tatu, na mama hajaona hedhi.

Jumatatu hiyo anamnyonyesha saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapanda daladala, anafanya kazi, anakaa kwenye foleni ya magari, anafika nyumbani saa moja jioni. Saa kumi na tatu na nusu bila mtoto kwenye titi. Ni mama mwangalifu. Amekamua maziwa asubuhi na mchana, dada anamnywesha Zawadi kwa kikombe, na mtoto hajaonja kitu kingine. Kwa mtoto ni sawasawa kabisa, anapata maziwa ya mama pekee kama kliniki ilivyomwagiza. Kwa upande wa yai, mambo yamebadilika. Kukamua kwa mkono au kwa pampu hutoa maziwa, lakini hakuleti msisimko uleule wa mdomo wa mtoto. Watafiti wa Santiago, Chile, waliwafuatilia akina mama wa namna hii, wafanyakazi wanaokamua maziwa na kufuata masharti mengine, wakachapisha matokeo mwaka 2000: mimba zilikuwa kama 5 kati ya 100. Bado ni kinga, lakini si ile ya Bellagio.

Sheria yetu inamruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi, saa mbili hizo zingelikata pengo katikati. Lakini mtoto yuko Mbagala na ofisi iko Posta, na sijui ni nani aliyeandika kifungu hicho akiwa anafikiria daladala ya saa saba mchana.

Tuendelee na Mama Zawadi. Juni inapita, hakuna hedhi. Julai katikati Zawadi ameanza kulala usiku mzima, kila mtu anashangilia. Kwenye ovari, yai moja limekua na kutoka. Mama hana dalili yoyote ya kumwambia, labda ute mwepesi wa kuvutika ukeni ambao hakuutilia maanani. Agosti inaingia, na Mama Zawadi anawaambia wenzake kazini kwamba yeye kunyonyesha kumemkinga vizuri. Septemba maziwa yanapungua, chuchu zinauma kuliko kawaida, harufu ya mafuta ya kukaangia inamchefua. Anafikiri ni uchovu. Kipimo cha mkojo kinasema ni mimba, na kipimo hicho hakidanganywi na kunyonyesha. Muuguzi anauliza tarehe ya hedhi ya mwisho ili ahesabu umri wa mimba, na tarehe haipo. Ya mwisho ilikuwa kabla ya mimba ya Zawadi mwenyewe. Dawa ya hapo ni kumpeleka mapema kwenye kipimo cha altrasaundi, maana mimba ikishakuwa kubwa hata altrasaundi hukisia kwa wiki kadhaa za makosa.

Mama mkwe akisikia, atasema mtoto amebemendwa. Imani ya kubemenda inasema wazazi wakikutana mtoto angali ananyonya, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu. Maziwa hayaharibiki kwa wazazi kukutana. Ila waliotunga imani hiyo waliona kitu cha kweli: mtoto wa miezi sita ambaye mama yake amebeba mimba nyingine mara nyingi huachishwa ziwa kwa ghafla, akapewa uji mwepesi, akakonda. Kinachomdhoofisha ni kule kuachishwa. Mjamzito mwenye afya, ambaye mimba yake haina matatizo, anaweza kuendelea kunyonyesha, na Zawadi anahitaji titi hilo. Vilevile hedhi ikirudi mtoto asiachishwe. Kuna akina mama ambao maziwa hupungua siku mbili tatu karibu na hedhi, kisha hurudi.

Na yule asiyenyonyesha kabisa, labda kwa sababu mtoto alifariki, au kwa sababu nyingine yoyote? Kwake arobaini si kipimo cha chochote. Yai la kwanza limewahi kuonekana karibu na siku ya 25 baada ya kujifungua, na kwa kuwa mbegu ya mwanamume huishi siku kadhaa tumboni, wahudumu huhesabu kwamba kinga inahitajika kuanzia siku ya 21. Mzazi huyu anaweza kutoka arobaini akiwa tayari yuko wazi kushika mimba.

Kuna damu zisizongojewa nyumbani. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, yenye mabonge makubwa, yenye harufu mbaya au inayoambatana na homa, hiyo iende hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa kipande cha kondo kilichobaki, au maambukizi. Na kuna kutokuona damu kunakotakiwa kuchunguzwa. Mama aliyemwachisha mtoto ziwa na miezi mitatu ikapita bila hedhi aanze na kipimo cha mimba, kisha amwone daktari. Aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, halafu maziwa hayakutoka kabisa, na sasa anahisi baridi, uchovu na kizunguzungu na haoni siku zake, amwambie daktari habari ya damu ile aliyoipoteza. Pituitari ikikosa damu wakati huo huweza kuumia, ugonjwa uitwao Sheehan, na unatibika kwa dawa za homoni akigunduliwa.

Nirudi kwa Mama Zawadi pale Mei 19, maana makosa yangeweza kuzuiwa siku ile. Sharti moja likianguka, mama hangojei mawili mengine yaanguke; anachukua njia nyingine siku hiyohiyo, na kunyonyesha kunaendelea. Anayenyonyesha mtoto aliyepita wiki sita anaweza kupata vipandikizi, kitanzi, sindano, au vidonge vya homoni moja. Vile vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili ndivyo vya kungojea mpaka mtoto afikishe miezi sita, kwa sababu vinaweza kupunguza maziwa.

Lakini wangapi wamefika dirishani na kuambiwa, "Rudi ukiwa kwenye siku zako"? Mhudumu anaogopa kumwekea mjamzito kitanzi, na hofu hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba anamwambia mama asubiri damu ambayo huenda isije miezi sita, au isije kabisa kwa sababu mimba imeitangulia. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya orodha fupi ya maswali ya kumuuliza mama badala ya kungoja hedhi. Orodha hiyo sasa inatumika nchi nyingi. Inauliza kama amejifungua ndani ya miezi sita, ananyonyesha kikamilifu na hajaona hedhi. Au kama hajakutana na mwanamume tangu ajifungue. Au kama amejifungua ndani ya wiki nne zilizopita. Na mengine matatu ya namna hiyo. Akijibu ndiyo kwa swali moja tu, na hana dalili za ujauzito, mhudumu anaweza kuwa na uhakika wa kutosha kwamba si mjamzito na kumpa njia anayoitaka.

Mama Zawadi, siku 77 baada ya kujifungua, angejibu ndiyo kwa swali la kwanza kabisa. Kwa hiyo msikilizaji, ukiambiwa urudi ukiwa kwenye siku zako, mwambie mhudumu kwa adabu tarehe uliyojifungua, kwamba mtoto hajaonja kitu ila maziwa yako, kwamba hujaona hedhi, na muombe akuulize yale maswali ya orodha. Akisita, omba kipimo cha mkojo palepale, na uchukue njia yako kabla hujapanda daladala kurudi nyumbani.